Namna ya Kulilaghai Jicho kwa Kava ya Ukubwa wa Ukucha

Sogea karibu, hili tuliongee chinichini. Wimbo umekamilika, prodyuza amelipwa au ameahidiwa, na Ijumaa lazima uingie mtandaoni. Huna mpiga picha, huna mchoraji, huna hela ya kukodi nguo. Ulicho nacho ni simu na programu ya kutengeneza picha, ile unayoiandikia maneno nayo ikakurudishia picha. Vinatosha. Tukimaliza hapa, utakuwa na kava itakayowafanya watu waamini ulikuwa na vyote vitatu.

Tutashika mfano mmoja hadi mwisho: singo ya taarabu, ya mipasho, jina lake "Kisogo". Mwimbaji anamwambia hasimu wake kwamba hana muda naye tena.

Kwanza: ifikirie ndogo kabla hujaifikiria nzuri

Msambazaji atakuomba picha ya mraba, mara nyingi ya nukta 3000 kwa 3000. Nukta ndizo hizo pikseli. Ombi hilo limewapoteza wengi, maana linawashawishi wajaze vitu kana kwamba wanapamba ukuta wa ukumbi. Msikilizaji haoni nukta 3000. Spotify, kwa mfano, hugawa kava moja katika saizi tatu: 640, 300 na 64. Hiyo ya 64 ni ya sehemu finyu, na humo ndimo kava yako inapogombea jicho la mtu aliyesimama kwenye daladala, mkono mmoja kwenye bomba, kidole gumba kikiteremsha orodha.

Piga hesabu hii mara moja tu, itakufaa maisha yako yote ya muziki. Gawa 3000 kwa 64, unapata kama 47. Maana yake, nukta 47 za picha yako kubwa zinabanwa ziwe nukta moja. Kitu chochote chembamba kuliko hapo hakitaonekana kama kitu: rangi yake itachanganyika na ya jirani yake na vyote viwili vitakuwa doa moja. Nyuzi za fidla, mistari ya kope, nakshi za mlango, herufi za mkono wa mpindopindo, vyote vinaishia hapo.

Kava zinazonusurika kwenye udogo huo hunusurika kwa sababu hazikutegemea vitu vyembamba. Ile ya *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd, iliyotoka mwaka 1973 kutoka kwa kundi la wabunifu la Hipgnosis na kuchorwa na George Hardie, ilitengenezwa kwa ganda la sahani ya santuri lenye upana wa sentimita thelathini hivi. Hakuna aliyekuwa akiwaza simu. Ipunguze hadi ukubwa wa ukucha na bado utaijua: pembetatu moja, mkanda wa rangi, na weusi mtupu nyuma yake. Nawe utaiba kanuni hiyo. Usiibe pembetatu, imeshaibwa na wengi.

Pili: chagua kitu kimoja, vingine viage

Hapa ndipo utakapogombana na kila mtu. Mwimbaji anataka uso wake. Mpiga kinanda anataka kinanda kionekane. Mdhamini anataka gari. Wewe chukua mashairi ya wimbo, tafuta tendo moja linalobeba uchungu wote, kisha jiulize tendo hilo linaonekanaje kwa mtu aliye mbali.

Wimbo wetu umetupa zawadi. Kumpa mtu kisogo ni tendo linaloonekana. Kwa hiyo kava ni kisogo cha mwanamke: nywele zimefungwa juu, shingo wazi, na kwenye sikio moja hereni kubwa ya duara. Basi. Kichwa ni umbo moja kubwa la giza, hereni ni duara moja dogo linalong'aa. Mtu hahitaji kusoma chochote kujua kwamba kuna mtu amesuswa, na kwamba aliyesusa amependeza.

Sasa sikiliza faida ya siri. Programu hizi zinaweza kuharibu vidole, kumpa mtu macho mawili yasiyotazama mahali pamoja, na zikichora ala ya muziki, kuongeza nyuzi ama kusahau shingo yake. Ukimgeuza mwanamke akatazama ukutani, umeondoa uso, mikono na ala kwa mpigo mmoja. Watazamaji wataona ubunifu, na watakuwa sahihi, kwa sababu njia ya mkato ikiangukia kwenye maana ya wimbo inakuwa ubunifu kweli.

Tatu: beba hisia za muziki bila kutaja muziki

Usiandike neno "taarabu" kwenye prompti yako ukategemea likufanyie kazi. Neno la aina ya muziki huvuta picha zilizochoka. Andika taarabu na una hatari ya kuletewa jangwa, ngamia na mwanamke wa kwenye filamu za Kiarabu. Andika muziki wa Afrika na ngoma, jua linalozama na mgunga vitakuja bila kuitwa. Programu hairejei kwenye harusi ya Ng'ambo uliyoihudhuria wewe. Inarejea kwenye wingi wa picha ilizofunzwa, na humo pwani yetu haikupata nafasi kubwa.

Hisia zinakaa kwenye vitu vinne, navyo unaweza kuviagiza kwa jina: mwanga, rangi, umbali na ngozi ya picha, yaani kama ni laini, ina chembechembe, au imechakaa. Taarabu ni usiku wenye taa. Ni watu waliojipamba, dhahabu, manukato, na neno kali lililosemwa kwa sauti tamu. Kwa hiyo mwanga ni mmoja, wa joto, unatoka pembeni. Umbali ni wa karibu, karibu hata kuwa utovu wa adabu. Rangi ni chache na nzito. Ngozi ya picha ni ya filamu ya zamani yenye chembe kidogo.

Ungekuwa na singeli, kisogo hichohicho kingegeuzwa nje ndani. Singeli inakimbia mapigo mia mbili kwa dakika na zaidi, na mwanga uliotulia ungeisaliti. Hapo ungeagiza mwako mkali wa kamera usoni pa ukuta, kichwa kimeyumba, hereni imeacha mkia wa mwanga, rangi mbili zinazogombana, na picha yenye madoa kama iliyotolewa fotokopi mara nyingi. Umbo lilelile, muziki mwingine kabisa.

Nne: andika agizo

Tuanze na lile ambalo watu wengi huandika, ili ulitambue likikujia mkononi:

```
Kava kali ya taarabu, mwanamke mrembo wa Zanzibar,
wanamuziki, udi, kanuni, bahari, machweo, dhahabu,
bila uso kuonekana, bila maandishi mabaya
```

Makosa mawili ndani yake yanakula zaidi kuliko mengine. Moja ni orodha: kila nomino uliyoitaja itadai kipande chake cha mraba, na mraba una nukta 64 tu kila upande za kugawana. La pili ni "bila". Programu nyingi hazishiki vizuri kukatazwa. Ukitaja maandishi, hata kwa kuyakataa, umeyaita. Taja kinachojaza mahali hapo: badala ya kusema bila watu nyuma, sema ukuta mtupu. Baadhi ya programu zina kisanduku cha pembeni cha kuorodhesha usichokitaka, na huko ndiko makatazo yako yaende.

Sasa andika hivi:

```
Kisogo cha mwanamke, kichwa kimejaza nusu ya picha,
nywele nyeusi zimefungwa juu, shingo wazi.
Kwenye sikio la kushoto hereni ya dhahabu,
duara kubwa, nene kama kidole.
Ukuta mtupu wa chokaa, samawati iliyopauka.
Taa moja ya joto kutoka kushoto, usiku.
Bega limefunikwa kitambaa cheusi kitupu.
Picha ya mraba, ya karibu, chembe za filamu ya zamani.
```

Ona mpangilio. Kitu kikuu kimekuja kwanza, pambo linalong'aa likafuata, halafu ukuta, halafu mwanga. Usiuvuruge. Matoleo ya kwanza ya Stable Diffusion, ya mwaka 2022, yalikuwa yakisoma vipande 75 tu vya maneno na kuutupa mkia wote uliobaki, na neno la Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko la Kiingereza, kwa kuwa kikataji kilitengenezwa kwa Kiingereza. Programu mpya zinasoma zaidi na nyingi zinakielewa Kiswahili vizuri, lakini tabia ya kuweka cha muhimu mbele haijawahi kumkosesha mtu kava.

Na kila kipimo humo ndani kina hesabu yake. Kichwa kikijaza nusu ya picha, ni kama nukta 1500. Kichwa cha mtu ni kama sentimita 22, na kidole ni kama sentimita moja na nusu. Kwa hiyo hereni nene kama kidole itakuwa na unene wa nukta mia hivi, ambazo zikibanwa zinabaki mbili. Mbili zinaonekana. Hereni ya kawaida ya waya mwembamba ingebaki na robo ya nukta, na mwimbaji wako angekuwa amevaa hereni isiyokuwepo.

Tano: ikague kabla haijakudanganya

Picha itakuja, itapendeza, na moyo utaruka. Usiipeleke kwa mtu bado. Picha kubwa kwenye skrini angavu hubembeleza kila mtu. Ifanyie majaribio mawili.

La kwanza ni la kuipunguza na kuiondolea rangi kwa pamoja. Kwenye kompyuta yenye ImageMagick ni mstari mmoja:

```
magick kisogo.png -resize 64x64 -colorspace Gray ndogo.png
```

Kwenye simu, ipunguze kwa programu yoyote ya kuhariri picha kisha weka rangi ya nyeusi na nyeupe. Kwa nini kuondoa rangi? Kwa sababu jicho kwa mbali hutenganisha vitu kwa weupe na weusi wake kabla ya rangi. Nyekundu iliyokoza juu ya kijani kilichokoza inapiga kelele ikiwa kubwa. Ukiiondolea rangi, vyote viwili vinakuwa kijivu kilekile na umbo linapotea.

Tuangalie Kisogo chetu. Tuseme jibu la kwanza limekuja na ukuta wa samawati ya kati, si iliyopauka, na ngozi ya maji ya kunde iliyoangazwa sana. Ndani ya kijivu, ukuta na shingo vimekuwa kitu kimoja. Hereni imebaki peke yake, ikielea kama kosa. Usibadilishe kila kitu kwa hasira. Badilisha viwili tu: sema ukuta "karibu na weupe", na sema shingo "iko kwenye kivuli, mwanga umegusa hereni na ukingo wa sikio". Unachotafuta ni ngazi tatu za wazi: ukuta mwepesi, kichwa kizito, hereni inayong'aa ndani ya kizito hicho. Kijivu kikionyesha ngazi tatu, kava imepona. Kikionyesha mbili, hereni haijafanya kazi. Kikionyesha tano au sita, kuna kitu hujakifukuza.

Ukuta usiende hadi nyeupe kabisa, hata kama unavutia. Kuna skrini za usuli mweupe, na humo kingo za kava yako zingeyeyuka, umbo la mraba likapotea. Samawati iliyopauka inaonekana juu ya nyeupe na juu ya nyeusi pia, na kwa muziki huu inakumbusha kuta za nyumba zilizopigwa chokaa yenye rangi, ambazo jua limeshazila.

Jaribio la pili halihitaji kompyuta. Iweke picha kama picha ya wasifu wa WhatsApp, kisha mwombe rafiki akutumie ujumbe na atazame orodha yake ya mazungumzo akiwa amenyoosha mkono. Hapo kava imekuwa ndogo, imezungukwa na picha za watu wengine, na pia imekatwa duara. Mkato wa duara hula zaidi ya sehemu moja kwa tano ya mraba, yote kutoka pembeni. Kama hereni ilikuwa imesogea sana kwenye kona, imeondoka. Muulize rafiki anaona nini. Usimuulize kama ni nzuri, atakuambia ni nzuri. Akisema "mwanamke amegeuka", umefaulu. Akisema "duara la njano", rudi kwenye kichwa ukikuze.

Halafu ndipo uikuze hadi ukubwa wake kamili na utafute aibu. Tazama hereni inapoungana na ndewe ya sikio, kwa sababu hapo programu hupenda kuiacha ikielea hewani. Tazama sikio lenyewe, mikunjo yake huchanganyikiwa. Nyingi za programu hizi hukuruhusu kuchagua eneo dogo na kulichora upya peke yake: chagua sikio, liandikie agizo la mstari mmoja, acha mengine yalivyo. Kama picha imetoka na nukta 1024 kwa 1024, ambacho ni kipimo cha kawaida, ikuze mara tatu kwa programu ya kukuzia, na zile chembe za filamu uziongeze baada ya kukuza. Ukizikuza pamoja na picha zitakuwa madoa.

Kuna jambo la kanga, na nalitenga kwa sababu ni kosa litakalokuaibisha nyumbani. Utatamani kumfunika mwimbaji kanga begani, na ni tamaa ya haki. Lakini kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Programu itaiga pindo na mji vizuri vya kutosha, lakini jina huenda ikaliandika kwa herufi za ovyo zisizosomeka. Wasikilizaji wa taarabu ndio watu wa kwanza duniani kusoma jina la kanga, tena kwenye wimbo wa mipasho wataamini ndilo fumbo lenyewe. Ndiyo maana bega letu lina kitambaa cheusi kitupu. Kama kanga ni lazima, piga picha ya kanga halisi kwa simu, chini ya taa moja ya pembeni, kisha ibandike. Hapo jina litakuwa la kweli, na utakuwa umelichagua wewe.

Sita: herufi ziweke kwa mkono wako

Usiiombe programu ikuandikie jina la wimbo. Hata zile zinazojua kuandika huchagua herufi na mahali kwa mazoea yao. Weka maandishi baadaye, kwa programu ya kawaida ya usanifu.

Au usiweke kabisa. Kila mahali wimbo unapouzwa, jina lake na la mwimbaji limeandikwa tayari kando ya kava, kwa herufi safi zinazosomeka. Kava isiyo na neno inapata nafasi yote kwa ajili ya kisogo. Kama mwimbaji hawezi kulala bila jina, tumia hesabu yetu: herufi ili isomeke kwenye 64 inahitaji urefu wa kama nukta nane, ambazo kwenye picha kubwa ni karibu 375, yaani sehemu moja ya nane ya kimo chote. KISOGO ina herufi sita, itaingia chini kutoka ukingo hadi ukingo, ikiwa nene na nyeupe juu ya kile kitambaa cheusi. Jina lenye maneno manne halitaingia. Usilibane, liache nje.

Saba: wape wanachotaka, mahali pengine

Meneja atakuja na namba ya simu ya kuchukulia kazi za harusi, aiweke kwenye kona. Prodyuza atataka nembo yake. Mtu wa mitandao atataka jina la ukurasa. Msambazaji ataikataa kava yenye namba za simu, anwani za mtandao, bei au nembo za maduka ya muziki, na wimbo wako utakwama wakati Ijumaa inapita. Kwa hiyo usibishane nao kuhusu uzuri. Waambie itakataliwa, kisha watengenezee bango la pili kwa ajili ya WhatsApp na Instagram, lenye namba, nembo, gari la mdhamini, na uso wa mwimbaji ukitabasamu kutoka ukingo hadi ukingo. Watalisambaza kwa furaha, na hakuna atakayekumbuka kwamba kwenye kava yenyewe hayumo.

Mwimbaji peke yake mshughulikie kwa heshima zaidi. Mwambie ukweli: kwenye nukta 64 uso wake unapata nukta kama ishirini za upana, na humo mama yake mwenyewe angemfananisha na mtu mwingine. Shingo na hereni vitakuwa vyake peke yake, mradi avae hereni hiyohiyo jukwaani usiku wa uzinduzi. Mnunulie kubwa kweli, nene kama kidole, shaba inatosha. Na singo itakayofuata, rudia ukuta uleule na taa ileile ya kushoto, ubadilishe pambo tu: kikuba cha asmini, kipini, feni ya mkono iliyokunjwa. Kufikia wimbo wa tatu, mtu kwenye daladala ataujua ukuta wa samawati kabla hajasoma jina.